Protini Isiyokunjwa: Jinsi p27 Inavyoizuia Seli Kugawanyika

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, na mwili wa binadamu huziunda kwa kutumia aina 20 za asidi hizo. Kwa kawaida mnyororo ukishatengenezwa ndani ya seli hujikunja wenyewe ukawa donge dogo lenye umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloamua kazi yake. Hemoglobini hubeba oksijeni kwa sababu imejikunja namna inayoacha mahali pa kuipokea. Kimeng'enya huvunja chakula kwa sababu kina tundu ambalo chakula hicho huingia sawasawa. Mwaka 1894 mkemia Mjerumani Emil Fischer aliufananisha uhusiano huo na ufunguo na kufuli yake, na kwa takriban karne nzima biokemia ilifundishwa hivyo: kwanza umbo, kisha kazi.

Hata hivyo, zipo protini nyingi ambazo hazijikunji kabisa, au ambazo sehemu zake ndefu hubaki wazi. Mnyororo wake huyumba ndani ya maji ya seli, ukibadili mkao mamilioni ya mara kwa sekunde, bila kutulia katika umbo lolote. Hali hiyo haitokani na kuharibika, bali ndiyo hali yake ya kawaida. Zaidi ya theluthi moja ya protini za binadamu zina angalau sehemu moja ndefu ya namna hiyo. Mwaka 1999 Peter Wright na Jane Dyson, wa taasisi ya utafiti ya Scripps huko California, walichapisha makala iliyotaka wanasayansi wafikiri upya juu ya kanuni ya zamani, kwa kuwa nyingi ya protini hizo zilionekana kushika kazi za usimamizi: kuwasha na kuzima jeni, kupeleka ishara, na kuamua seli igawanyike lini.

Swali linalofuata ni gumu kidogo. Kitu kisicho na umbo humtambuaje mwenzake na kushikamana naye? Na kikishashikamana, huongozaje kazi yake? Jibu linaonekana vizuri katika protini moja iliyochunguzwa kwa kina, inayoitwa p27.

Kazi ya p27 ndani ya seli

Kabla ya kugawanyika, seli hupita katika hatua zenye mpangilio. Kwanza hukua na kupima hali ya mazingira yake. Hatua hii huitwa G1. Kisha huingia hatua ya S, ambamo hunakili DNA yake yote. Kuvuka kutoka G1 kwenda S ni uamuzi mzito, kwa sababu seli iliyoanza kunakili DNA haina nafasi nzuri ya kurudi nyuma.

Kivuko hicho huendeshwa na kimeng'enya kiitwacho Cdk2. Kazi yake ni kuchukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Fosfeti ikibandikwa, protini iliyoipokea hubadili mwenendo. Cdk2 haifanyi kazi peke yake. Ni lazima ishikamane na mwenzi aitwaye saiklini. Wawili hao wakiungana, seli husukumwa kuelekea kunakili DNA.

Protini ya p27 ndiyo inayowazuia. Katika seli iliyotulia, p27 huwa nyingi, nayo huwakamata Cdk2 na saiklini kwa pamoja hadi kazi yao inasimama. Seli inapopata ishara za kukua, p27 hupungua na kivuko hufunguka. Mwaka 1996 maabara tatu zilionyesha kwamba panya walioondolewa jeni ya p27 hukua wakawa wakubwa kuliko wenzao, kwa sababu viungo vyao vina seli nyingi kupita kawaida.

Dalili za kukosa umbo

Protini ya p27 ilielezwa mwaka 1994, na maabara ya Joan Massagué mjini New York ilikuwa miongoni mwa zilizoigundua. Jambo la ajabu lilijitokeza katika hatua ya kuitafuta. Watafiti walichukua maji ya seli zilizoacha kugawanyika, wakayachemsha hadi nyuzi 100 za Selsiasi, kisha wakaondoa kila kilichoganda. Protini nyingi huharibika kwa joto hilo: maumbo yake hufumuka, sehemu zake za ndani hunatana, na zote hugandamana kama ute wa yai linapochemshwa. Lakini maji yaliyobaki juu bado yaliweza kuizima Cdk2. Kizuizi kilikuwa kimepita katika maji yanayochemka bila kupoteza uwezo wake. Protini iliyokunjwa ina umbo la kupoteza. Isiyokunjwa haina cha kufumuka.

Dalili ya pili imo katika jina lenyewe. Protini hupimwa uzito kwa kupitishwa kwenye jeli chini ya umeme: nyepesi hukimbia, nzito huchelewa. Protini hii ilisimama mahali pa uzito wa dalton 27,000, ikaitwa p27. Baadaye jeni yake iliposomwa, ikaonekana kuwa ina asidi amino 198 tu, na uzito wake halisi ni kama dalton 22,000. Kuchelewa namna hiyo kwenye jeli ni jambo la kawaida kwa protini zisizo na umbo, kwa sababu mchanganyiko wa asidi amino zake huzifanya zishike sabuni ya jeli kidogo kuliko protini nyingine, na sabuni hiyo ndiyo huzipa chaji ya kuvutwa na umeme.

Ushahidi wa moja kwa moja ulitoka kwenye kipimo cha NMR, ambacho hutumia sumaku yenye nguvu kusoma hali ya atomu moja moja ndani ya molekuli. Katika protini iliyokunjwa, kila atomu ya hidrojeni ina majirani wake: moja imebanwa katikati ya donge, nyingine imekaa juu, nyingine iko kando ya pete ya kaboni. Kwa hiyo ishara zao hutawanyika kwa upana kwenye mchoro. Katika protini isiyokunjwa, hidrojeni karibu zote zimezungukwa na maji yale yale, na ishara zake husongamana katika ukanda mwembamba. Mwaka 1996 Richard Kriwacki na wenzake waliyaona haya kwenye p21, protini ya ukoo mmoja na p27. Ikiwa peke yake, p21 haikuwa na umbo. Ikishikamana na Cdk2, umbo likatokea.

Sababu ya kutojikunja imo katika mpangilio wa asidi amino. Donge la protini hushikiliwa hasa na asidi amino zinazoyakimbia maji, ambazo hujificha katikati na kuivuta sehemu iliyobaki. Protini zisizo na umbo zina uhaba wa asidi hizo. Badala yake zina nyingi zinazopenda maji au zenye chaji ya umeme, ambazo hazina sababu ya kujificha, na pia zina prolini kwa wingi, ambayo huvuruga mikunjo ya kawaida. Kwa hiyo kutokuwa na umbo kumeandikwa ndani ya jeni, sawa na vile umbo la hemoglobini lilivyoandikwa.

Kushikamana hatua kwa hatua

Mwaka huohuo wa 1996, maabara ya Nikola Pavletich mjini New York ilifanikiwa kutengeneza fuwele ya kipande cha p27 kikiwa kimeshikamana na saiklini A pamoja na Cdk2, na kukipiga picha kwa eksirei. Kipande hicho kilikuwa na asidi amino 69, kuanzia ya 25 hadi ya 93. Hakikuonekana kama donge lililotua mahali pamoja. Kilikuwa kimenyooka na kutambaa juu ya protini zote mbili, kikianzia kwenye saiklini, kikivuka pengo, na kuishia ndani ya Cdk2.

Ushikaji huo huanza upande wa saiklini. Karibu na mwanzo wa p27 kuna asidi amino chache zinazoingia katika mfereji mdogo ulio juu ya saiklini. Mfereji huo ni muhimu, kwani ndio ambao protini zinazosubiri kubandikwa fosfeti huutumia kujiegesha. Kwa kuukalia, p27 tayari imewafungia njia wateja wa kimeng'enya. Hatua hii ni ya haraka, kwa sababu mnyororo ulio wazi hauhitaji kugeuzwa mzima mzima ili kipande kidogo kikutane na mfereji wake.

Baada ya ncha hiyo kushika, sehemu inayofuata hujisokota ikawa mhimili mrefu unaovuka kutoka saiklini hadi Cdk2. Sehemu hii hata ikiwa huru huwa na mwelekeo wa kujisokota mara kwa mara na kufumuka tena. Uwepo wa saiklini huuimarisha mwelekeo huo. Kwa hiyo kukosa umbo si kukosa mwelekeo. Mnyororo umebeba dokezo la umbo litakalohitajika, bila kulazimika kukaa nalo wakati wote.

Hatua ya mwisho ni ya polepole, nayo hufanyika juu ya Cdk2. Hapa p27 hufanya mambo mawili. Kwanza huibandua sehemu ya Cdk2 yenyewe na kukaa mahali pake, hivyo kukivuruga kimeng'enya. Pili, huingiza asidi amino moja, tairosini iliyo nafasi ya 88, katika tundu ambalo ATP huingia. Tairosini hiyo inaiga sehemu ya ATP, na maadamu imo humo, ATP haina nafasi. Cdk2 imezimwa kwa njia tatu: mfereji wa wateja umekaliwa, muundo wake umevurugwa, na tundu la nishati limezibwa.

Umbo, kwa hiyo, limepatikana wakati wa kushikamana, wala halikuwepo kabla. Utaratibu huo una faida inayoweza kupimwa. Kipande cha asidi amino 69 kikiwa kimetandazwa hugusa eneo kubwa la wenzake. Protini iliyokunjwa ingehitaji kuwa kubwa mara mbili au tatu ili igusane na eneo kama hilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mnyororo wake ingekuwa imefichwa ndani. Kugusana kwingi huleta umakini: p27 inahitaji mfereji ulio sawa, umbali ulio sawa na tundu lililo sawa, na kosa lolote miongoni mwa hayo huudhoofisha mshiko.

Lakini umakini huo hulipiwa. Mnyororo uliokuwa huru kuyumba upendavyo hulazimika kutulia, na kupoteza uhuru huo hugharimu nishati. Sehemu ya nguvu inayopatikana kwa kugusana hulipia gharama hiyo. Matokeo ni muungano wenye kuchagua sana bila kukazwa kupita kiasi. Kwa protini ya usimamizi hilo ni jambo jema, kwa sababu kizuizi kisichoweza kuachia hakifai kusimamia kitu ambacho lazima kifunguliwe kwa wakati wake.

Kizuizi kinavyofunguliwa

Kile kisichoonekana katika picha ya fuwele kina umuhimu ule ule. Baada ya asidi amino ya 93, p27 ina mkia wa zaidi ya asidi amino 100, na mkia huo hauchukui umbo hata p27 inaposhikamana na wenzake. Hata ile sehemu iliyoshika haikai kimya. Mwaka 2019 watafiti walioangalia molekuli moja moja kwa kutumia mwanga walionyesha kwamba tairosini ya 88 huchomoka kwenye tundu la ATP kwa nyakati fupi na kurudi, bila kusukumwa na chochote.

Nyakati hizo fupi ndizo zinazoiwezesha seli kutuma ujumbe. Seli inapopokea ishara ya kukua, vimeng'enya vingine, vikiwemo Src, Lyn na Abl, huamka. Vikiikuta tairosini ya 88 ikiwa nje, huibandika fosfeti. Ikiwa na fosfeti yenye chaji, tairosini haiwezi kurudi vizuri katika tundu. Maabara mbili zilieleza hatua hii mwaka 2007, katika makala zilizotoka pamoja kwenye jarida la Cell. Kuanzia hapo ATP inaweza kuingia, na Cdk2 hupata tena sehemu ya uwezo wake ingawa p27 bado imeishika.

Kinachofuata kinategemea ule mkia. Karibu na mwisho wake, nafasi ya 187, kuna threonini ambayo Cdk2 inaweza kuibandika fosfeti. Mkia ni kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi: hawezi kwenda mbali, lakini ndani ya mzunguko wa kamba yake hufika kila mahali, tena mara nyingi. Kwa kuwa upande wa mbele wa p27 umeshikamana na Cdk2, threonini ya 187 huzunguka karibu na tundu la kimeng'enya hichohicho, na haikawii kukutana nalo. Cdk2 iliyokuwa imefungwa huanza kumbandika fosfeti mfungaji wake.

Fosfeti ya pili ni alama ya kuondolewa. Protini mbili zinazofanya kazi pamoja, Skp2 na Cks1, hutambua threonini yenye fosfeti hiyo, na kwa msaada wa wenzao huibandika p27 protini ndogo iitwayo ubikwitini, moja baada ya nyingine. Protini iliyopigwa muhuri huo hupelekwa kwenye proteasomu, mtambo wa seli wa kukatakata protini. Cdk2 sasa iko huru kabisa, inaweza kuzishughulikia p27 nyingine, na kivuko ambacho kilikuwa kinafunguka taratibu humalizika kufunguka kwa kasi. Seli huingia hatua ya S.

Mfuatano huu usingewezekana kama p27 ingekuwa donge gumu. Tairosini ya 88 ingebaki imezama ndani ya tundu na ishara isingeifikia. Threonini ya 187 ingekaa mahali pamoja, mbali na kimeng'enya. Kwa kuwa protini hii ni legevu, mnyororo mmoja hupokea ishara kwenye sehemu moja, hubadili mkao wa pale, na kuipitisha hadi sehemu nyingine iliyo umbali wa asidi amino 99. Ndani ya p27 kumepangwa utaratibu mzima: kushika, kusubiri, kulegeza, na hatimaye kujikabidhi kuondolewa.

Mwenzi tofauti, matokeo tofauti

Kukosa umbo maalumu pia huiwezesha p27 kufanya kazi na zaidi ya mwenzi mmoja. Mapema katika hatua ya G1, seli hutumia kimeng'enya kingine, Cdk4, pamoja na saiklini D. Hapa p27 husaidia kuviunganisha viwili hivyo, ambavyo vyenyewe hushikamana kwa unyonge. Tairosini za p27 zikiwa zimebandikwa fosfeti, muungano huo wa watatu hufanya kazi. Protini ambayo kwa Cdk2 ni kizuizi inaweza kuwa msaidizi kwa Cdk4.

Tofauti hiyo inahusu hospitali pia. Dawa ya palbosiklibu hutumika kutibu aina fulani za saratani ya matiti, na lengo lake ni kuizuia Cdk4. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba dawa hiyo haishiki vizuri Cdk4 iliyokwisha kuungana na saiklini D na p27. Huishika zaidi Cdk4 iliyo peke yake. Ugunduzi huo uliwalazimu wataalamu kufikiri upya juu ya namna dawa yenyewe inavyofanya kazi mwilini.

Mambo yanapoharibika

Katika saratani nyingi, ikiwemo ya matiti na ya utumbo mpana, kiasi kidogo cha p27 huambatana na ugonjwa mkali zaidi. Mtu angetarajia kukuta jeni ya p27 imeharibika, lakini katika saratani nyingi hilo ni nadra. Jeni huwa nzima na protini hutengenezwa kama kawaida, ila huondolewa haraka mno, mara nyingi kwa sababu Skp2 imezidi. Wakati mwingine p27 huwapo, lakini imetolewa kwenye kiini cha seli ambako ndiko kazi yake ya kuzuia hufanyika.

Mfano ulio wazi uko katika saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi. Ndani ya seli za ugonjwa huo, kromosomu mbili hubadilishana vipande na kuzaa protini ya BCR-ABL, kimeng'enya ambacho hakizimiki. Kimeng'enya hicho huibandika fosfeti tairosini ya 88 ya p27 bila kusubiri ishara yoyote, na mlango ambao ulipaswa kufunguliwa kwa ruhusa hubaki wazi. Dawa ya imatinibu huizuia BCR-ABL, na katika seli zilizopimwa maabara, fosfeti kwenye tairosini hiyo ilipungua na p27 ikadumu zaidi.

Dawa kama imatinibu hufanya kazi kwa kuziba tundu la kimeng'enya kilichokunjwa. Kuilenga p27 yenyewe ni kazi ngumu zaidi, kwani haina tundu la kudumu ambalo dawa inaweza kujaza. Molekuli ndogo zinazoishika zimepatikana, lakini zinaishika kwa unyonge, kwenye vifundo vya muda ambavyo mnyororo huvifanya na kuvifumua. Kwa sababu hiyo njia inayotumika zaidi leo ni kuwalenga wanaoizunguka: vimeng'enya vinavyoibandika fosfeti, protini zinazoipiga muhuri wa kuondolewa, na saiklini pamoja na Cdk ambazo p27 iliumbwa kuzisimamia.